Ile C ya Sapu Kwenye Barua ya Maombi

Unapoomba nafasi ya mafunzo kazini, mara nyingi transkripti inaambatana na barua. Sapu yako wataiona tu, hata ukikaa kimya.

Rafiki yangu wa uhasibu alifeli Takwimu mwaka wa pili, na sasa alikuwa anaomba nafasi kwenye kampuni ya ukaguzi. Rasimu yake ya kwanza ilisema: "Mwalimu hakufundisha vizuri, tena nilikuwa na matatizo ya kifamilia." Huenda ni kweli, ila msomaji hawezi kuthibitisha, na bado hajajua kama jamaa takwimu anaziweza.

Tukakaa, tukaandika upya: "Nilifeli Takwimu kwa sababu niliahirisha mazoezi hadi wiki ya mtihani. Nilirudia nikapata C, daraja la juu kabisa linalotolewa kwa mtihani wa marudio chuoni kwetu. Muhula uliofuata nilipata B+ katika Mbinu za Utafiti, ambako nilichambua data ya dodoso mwenyewe."

Hiyo sentensi ya C ndiyo wengi wanaisahau. Mtu wa nje hajui kanuni za chuo chako. Anadhani ulirudia ukaambulia C tena! (Hakikisha kwanza kanuni yenu inasema hivyo.)

Maelezo haya yakae baada ya aya ya unachokiweza, si mwanzoni. Huna B+? Usiitunge, taja kazi uliyoifanya inayotumia somo lile. Na kama kozi haihusiani na nafasi, iache, usubiri waulize kwenye usaili.