Volti Tano Zilizojificha Jikoni

Shangazi yangu wa Morogoro alilalamika kwamba akiwasha jagi la umeme, taa ya jikoni hufifia kidogo. Nilimwendea na mita. Soketi ilikuwa nzima kwa macho, na umeme wake volti 232. Kisha nikachomeka ncha moja ya mita kwenye tundu la nyutro na nyingine kwenye tundu la ethi. Ikasoma 0.4. Shangazi akachomeka jagi kwenye tundu la pili la soketi hiyohiyo dabo, akaliwasha, na namba ikaruka hadi 5.6.

Watu wengi hushangaa hapo, kwa sababu tumezoea kusikia kwamba nyutro haina umeme. Ukweli ni kwamba nyutro ndiyo njia ya kurudia. Ampia zote zinazoingia kwenye jagi kupitia laivu hurudi kwa nyutro, na kila waya, hata wa shaba safi, una ukinzani wake mdogo. Umeme ukipita kwenye ukinzani huo huacha volti kidogo njiani. Ethi kwa kawaida haipitishi chochote, kwa hiyo hiyo ndiyo inayotuonyesha nyutro imepanda kiasi gani. Ndiyo maana kipimo kinachukuliwa mzigo ukiwa umewashwa. Bila mzigo kinachobaki ni kidogo, na mara nyingi kinatoka mtaani, kwa majirani wanaotumia nyutro moja nawe.

Swali ni kama 5.6 ni halali. Kutoka kwenye breka hadi jikoni waya unatembea mita 25, shaba ya milimita za mraba 2.5. Waya huo una ukinzani wa omu 7.4 hivi kwa kilomita, kwa hiyo mita 25 ni kama omu 0.185. Jagi la wati 2000 linavuta takribani ampia 8.5. Zidisha, unapata volti 1.6. Kipimo chetu kilipanda kwa 5.2. Kuna volti 3.6 ambazo waya hauwezi kuzieleza.

Nikapima na laivu. Kwenye kisanduku cha breka, jagi likichemka, kulikuwa na volti 231, na kwenye soketi 224. Zilizopotea njiani ni kama 7. Laivu na nyutro ni waya wa unene mmoja na urefu mmoja, kwa hiyo zingepaswa kugawana hasara nusu kwa nusu. Hapa laivu ilipoteza 1.6 tu, kama hesabu ilivyosema, na nyutro ikabeba 5 na ushei. Kama zingegawana sawa, ningesema waya ni mwembamba au mrefu mno kwa mzigo ule. Upande mmoja ukizidi hivyo, ni jointi.

Volti 3.6 kwa ampia 8.5 ni wati 30. Hilo ni joto la chuma cha kulehemu redio, limefungiwa ndani ya ukuta, na linawaka kila chai inapochemshwa. Breka haiwezi kuliona, maana ampia hazijazidi hata moja.

Kijana aliyekuwa akinisaidia alikuwa na dawa yake. “Bosi, tuunge nyutro na ethi humu ndani ya soketi, itasoma sifuri.” Ingesoma karibu na sifuri kweli, na ndiyo sababu sifuri kamili kwenye soketi yenye mzigo mkubwa, mbali na breka, hunitia shaka kuliko volti mbili. Siku nyutro ikikatika kabla ya kiungo hicho, umeme wa kurudi utaingia kwenye ethi, na ethi imeungwa na bati la friji na la jiko. Kama ethi nayo haishiki ardhi vizuri, atakayegusa friji ndiye atakayeupokea.

Kingetokea kipimo cha volti 100 na zaidi badala ya tano, ningefikiria jambo jingine kabisa: ethi iliyokatika, inayoning’inia bila kufika ardhini. Kompyuta iliyochomekwa kwenye waya wa namna hiyo huupandisha hadi karibu nusu ya umeme wa nyumba.

Tulizima meni swichi, tukahakikisha kwa mita kwamba hakuna kitu, tukafungua. Soketi ilikuwa salama. Tukafuata waya hadi kwenye kisanduku cha jointi juu ya mlango. Nyutro mbili zilikuwa zimesokotwa kwa vidole na kufungwa utepe mweusi, bila kiunganishi cha skrubu. Utepe ulikuwa umekauka na kupasuka kama ganda la kitunguu, na shaba chini yake imegeuka rangi ya kahawia. Nikakata hadi shaba inayong’aa, nikaikaza kwenye kiunganishi.

Shangazi akawasha jagi tena. Nyutro na ethi: 2.0. Laivu na nyutro: 228. Taa ya jikoni haikutikisika.