Herufi Tatu Kando ya Bei

Mama muuza vyombo wa Kariakoo alikuwa na profoma mbili mkononi, zote za chupa za chai 1,200 za aina moja, zote kutoka Yiwu, China. Muuzaji wa kwanza alitaka dola 3 kwa chupa, jumla dola 3,600. Wa pili alitaka dola 3.20, jumla dola 3,840. Dola 240 si hela ya kuachia, na alishaamua kumlipa wa kwanza.

"Mama, subiri kwanza," wakala wake wa forodha alimwambia. "Soma kilichoandikwa kando ya bei."

Profoma ya kwanza iliandikwa EXW Yiwu, ya pili FOB Ningbo. Herufi hizo ni za kanuni za Incoterms, ambazo Chemba ya Kimataifa ya Biashara ilizitoa mara ya kwanza mwaka 1936. Hueleza gharama za muuzaji zinaishia wapi na za mnunuzi zinaanzia wapi. Kwa EXW, muuzaji anauweka mzigo tayari ghalani kwake, kazi yake imekwisha. Kupakia, lori, kibali cha kutoa bidhaa China na gharama za bandari ya huko ni juu ya mnunuzi. Kwa FOB Ningbo, hayo yote ni ya muuzaji mpaka mzigo uingie melini. Na Yiwu iko bara, mbali na bahari, kwa hiyo lori la kwenda bandarini halikwepeki.

Mama akamwandikia muuzaji wa kwanza: nani analipa mpaka melini? Jibu likaja: lori dola 180, nyaraka 90, bandari 140. Jumla dola 410, ambazo profoma haikuzitaja popote. Chupa za dola 3,600 sasa zilikuwa za dola 4,010, ghali kuliko zile nyingine kwa dola 170.

Muuzaji alipoona biashara inamponyoka, alileta bei ya CIF Dar es Salaam, yaani nauli ya meli na bima ndani, tena nauli ndogo ajabu. Hapa ndipo wengi hunaswa, hasa wenye mzigo mdogo unaochangia kontena na ya wengine. Wakala wa meli anachaguliwa na muuzaji, na kile alichopunguza kwenye nauli anaweza kukidai Dar kwa jina la gharama za kushughulikia mzigo. Wakati huo mzigo uko mikononi mwake, na huna pa kwenda kulinganisha bei.

Mama alikwenda na FOB, meli akaitafuta kupitia wakala wake mwenyewe. Lakini kabla ya kutuma malipo ya awali, alimtaka muuzaji aandike kwenye profoma yenyewe kwamba gharama zote za Ningbo zimo ndani ya bei, maana wapo wanaoandika FOB kisha wakaziongeza baadaye. Profoma mpya ilirudi na sentensi hiyo chini ya jumla, ndipo akaenda benki.