Karatasi ya Chakula ya Jirani

Leo twataka kuzungumza nanyi habari za chakula cha mtu mwenye ugonjwa wa figo.

Hapa Magarini, mgonjwa akirudi nyumbani kutoka hospitali, watu wa ushirika huenda kumtazama. Hawaendi mikono mitupu. Mmoja huchukua mkungu wa ndizi, mwingine madafu mawili matatu, mwingine maembe. Wenyeji wakisema, "Daktari amemkataza madafu," wageni hushangaa. Dafu si kinywaji cha wagonjwa? Na wengine hurudi kwao wakisema kwamba kumbe madafu na mchicha huharibu figo, nao huviacha. Makosa hayo ni mawili, na yote mawili yaweza kudhuru. Basi na tulieleze jambo hili polepole.

Tuchukue mfano wa mzee mmoja mwenye uzito wa kilo 60. Figo zake zimebakiwa na sehemu ndogo ya nguvu zake, tuseme moja ya tano. Damu yake ilipopimwa, potasiamu ilionekana kuwa 5.8, hali kiasi cha kawaida ni kama 3.5 hadi 5.0. Potasiamu ni madini yaliyomo katika vyakula vingi, nayo ndiyo isaidiayo misuli na moyo kufanya kazi. Mtu mwenye figo nzima akila nyingi, ziada hutoka kwa mkojo. Figo zilizodhoofika hushindwa kuitoa, nayo hubaki katika damu. Ikizidi sana, mapigo ya moyo huvurugika, na moyo waweza kusimama ghafula. Pengine miguu hulegea kwanza, lakini mara nyingi hakuna dalili yo yote. Ndiyo sababu hujulikana kwa kupimwa damu, si kwa kujisikia.

Sasa twaona kwa nini mzee huyu alikatazwa dafu. Maji ya dafu moja la kiasi yaweza kuwa na miligramu 600 hadi 1,000 za potasiamu, nayo hunywewa kwa dakika moja. Muhogo nao una potasiamu nyingi, lakini ukikatwa vipande vidogo, ukachemshwa katika maji mengi, na maji yale yakamwagwa, sehemu kubwa hutoka. Kuuloweka tu bila kuuchemsha hakusaidii sana. Na mchuzi wa mboga zilizochemshwa asiunywe, kwa maana potasiamu imehamia humo. Tena ajihadhari na chumvi zile ziuzwazo kwa wenye shinikizo la damu, ambazo ndani yake mna potasiamu badala ya sodiamu. Chumvi ya kawaida, kama ile ivunwayo hapa kwetu Gongoni, yampasa kuipunguza, lakini asikimbilie hiyo nyingine.

Hata hivyo, daktari hakuanza na chakula peke yake. Aliuliza kwanza dawa anazotumia mzee, kwa sababu baadhi ya vidonge vya shinikizo la damu, kama enalaprili na losatani, hupandisha potasiamu. Aliuliza pia kama anapata choo vizuri, maana potasiamu nyingine hutoka kwa njia hiyo. Msiache vidonge kwa shauri lenu wenyewe, kwani vidonge hivyo mara nyingi ndivyo vinavyozilinda figo. Twalitaja jambo hili ili mjue kwamba namba moja katika damu yaweza kuwa na sababu nyingi.

Madini ya pili ni fosforasi. Nayo ikikosa njia ya kutoka, mwili huwasha, mifupa hudhoofika, na mishipa ya damu huwa migumu. Hapa wengi hukosea. Huacha kunde na maharagwe, kisha hunywa soda nyeusi kila siku. Fosforasi ya kunde imefungwa ndani ya mbegu, na mwili huchukua sehemu yake tu. Ile inayotiwa kiwandani katika soda nyeusi, soseji na nyama za kopo huingia karibu yote. Dagaa waliwao pamoja na mifupa yao nao wana fosforasi nyingi. Na mtu akipewa vidonge vya kuizuia fosforasi, avile pamoja na chakula, kwa kuwa kazi yao ni kuikamata tumboni. Akivila wakati tumbo ni tupu, havitaikuta.

Tumalize na protini, yaani chakula cha kujenga mwili. Protini ikitumika mwilini huacha taka ambazo figo hupaswa kuzitoa. Kwa hiyo mzee wetu aliambiwa ale kama gramu 0.6 hadi 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake, yaani gramu 36 hadi 48 kwa siku. Watu wengi hawajui kwamba sima pia ina protini. Gramu 300 za unga wa mahindi zina karibu gramu 24. Akiongeza yai moja, ambalo lina gramu 6, na nusu ya kipande cha samaki cha ukubwa wa kiganja, chenye gramu 10 hivi, amefika 40. Basi hakukatazwa samaki, alipimiwa.

Baadaye figo zake zilichoka kabisa, akaanza kusafishwa damu kwa mashine. Hapo shauri liligeuka. Kila asafishwapo, mashine hutoa taka, lakini pia hupoteza gramu 6 hadi 12 za chembe za protini. Sasa alihitaji gramu 60 hadi 72 kwa siku. Sima ileile, kipande kizima cha samaki, mayai mawili na nusu kikombe cha maharagwe humfikisha humo. Kama angeendelea na karatasi yake ya kwanza, mikono ingekonda, nguo zingelegea, na vidonda vingekawia kupona. Ugonjwa ni uleule, mtu ni yuleyule, na bado karatasi ya mwaka jana yaweza kumdhuru mwaka huu.

Je, mkewe, mwenye shinikizo la damu na figo nzima, akiifuata karatasi hiyo? Ataacha mchicha, ndizi na kunde, vyakula ambavyo vingemsaidia kulishusha shinikizo lake. Mwanamke mja mzito, mtoto anayekua, au mwenye kifua kikuu akipunguza samaki na mayai, atapungukiwa na vile ambavyo mwili wake wavihitaji zaidi. Na mwenye kuharisha sana huenda potasiamu yake imepungua, wala haikuzidi.

Kwa hiyo, ndugu wapenzi, mkipewa karatasi ya chakula hospitalini, ulizeni mambo matatu. Ni kipimo gani cha damu kilichofanya chakula hiki kikatazwe? Nile kiasi gani badala ya kuacha kabisa? Nami nirudi lini kupimwa, ili karatasi ibadilishwe? Ulizeni pia kama yupo mtaalamu wa lishe wa kuwaelekeza.

Nanyi mnaokwenda kumtazama mgonjwa, kabla ya kukata mkungu au kuangua madafu, waulizeni wenyeji kwanza, "Ameruhusiwa kula nini?" Kisha mpelekeeni hicho. Na karatasi yake iacheni pale pale ukutani kwake.