Gari la kusambazia chakula: Linunuliwe au likodiwe?

Saa nne na nusu asubuhi wali ulikuwa umeiva, maharage yameungwa na kuku wamepakuliwa. Kirikuu ya kukodi iliyozoea kuja kuchukua chakula ilikuwa bado iko Mbezi, dereva akisema anamalizia kushusha saruji na atafika sasa hivi. Alifika saa sita kasoro, huku vumbi la saruji likiwa bado kwenye bodi. Mama huyo mpishi wa Kimara na msaidizi wake walimwaga maji, wakasugua, wakatandika turubai na kuondoka. Wafanyakazi wa ofisi waliokuwa wanasubiri walikula saa saba na robo.

Jioni hiyo alimwambia mumewe kwamba imetosha, wanunue gari lao. Mume akakubali papo hapo. Kwenye akaunti walikuwa na shilingi milioni 18 walizojikusanyia kwa miaka mitatu, na gari dogo la mzigo lililotumika, aina ya Toyota Townace, walikuwa wameshaliulizia yadi: milioni 20 likiwa na kadi na namba. Zilizopungua ni mbili tu. Ilionekana rahisi.

Haikuwa rahisi hivyo, na kilichowashtua hakikuwa bei ya gari.

Biashara ilikuwa imekua ghafla. Mwanzo alikuwa akipika Jumamosi na Jumapili kwenye sendoff, kipaimara na arobaini. Sasa alikuwa amepata mkataba wa chakula cha mchana katika ofisi mbili, sahani 100 kwa siku, siku 22 za kazi kwa mwezi, kila sahani shilingi 5,000. Ukijumlisha na shughuli sita hivi za mwisho wa wiki, gari lilihitajika siku 28 kwa mwezi. Kirikuu walilipa wastani wa shilingi 60,000 kwa siku, mafuta na dereva vikiwa humohumo. Hiyo ni 1,680,000 kwa mwezi. Ukiitazama namba hiyo peke yake utaona fedha inamwagwa.

Mume, ambaye ndiye mwenye subira ya hesabu nyumbani humo, alichukua daftari. Akatenga matumizi ya gari lao mafungu mawili. Fungu la kwanza ni yale ambayo yapo hata gari likilala uani: mshahara wa dereva 350,000, bima kubwa ambayo ikigawanywa kwa miezi 12 inafika kama 60,000, na kushuka kwa thamani. Hili la mwisho wengi hulisahau kwa sababu halina risiti. Wakilinunua kwa milioni 20 na kuliuza baada ya miaka minne kwa milioni 12, milioni nane zimeyeyuka. Kwa miezi 48 ni kama 167,000 kila mwezi. Jumla ya fungu hilo ni 577,000.

Fungu la pili ni yale yanayokuja gari likitembea: mafuta, sevisi, matairi. Kwa mizunguko yao aliyaweka 20,000 kwa siku.

Hapo hesabu ikawa nyepesi. Kila siku gari lao likitoka badala ya kirikuu, wanaokoa 40,000. Ili zile 577,000 zirudi, lazima litoke siku 15 kwa mwezi. Chini ya hapo, kukodi kwa siku ni nafuu. Juu ya hapo, gari lako ni nafuu, na wao walikuwa na siku 28. Mfanyabiashara yeyote wa chakula anaweza kupiga hesabu hii kwa bei za mtaani kwake, na jibu lake halitakuwa sawa na la jirani.

Lakini siku 22 kati ya zile 28 zilitoka kwenye mkataba mmoja. Walipousoma upya wakakuta kifungu kinachoruhusu ofisi kuuvunja kwa taarifa ya siku 30. Mkataba ukiondoka, zinabaki siku sita, na Kwaresima na Ramadhani hata hizo sita hupungua. Gari litakuwa linakula bila kufanya kazi.

Jambo la pili ndilo lililomfanya mama aweke kalamu chini. Chakula cha sahani moja, yaani mchele, nyama, mafuta, mboga na mkaa, kilimgharimu 3,000. Kwa sahani 100 ni 300,000 kila siku, na kwa mwezi milioni 6.6. Ofisi hailipi siku ileile. Anapeleka ankara mwisho wa mwezi, na malipo yanaingia siku 30 baadaye. Maana yake, kabla hajashika shilingi ya kwanza atakuwa ameshapika miezi miwili kutoka mfukoni mwake: milioni 13.2.

Kwenye zile milioni 18, milioni sita zilikuwa ada za watoto wawili, za Januari, na hilo wote wawili walikuwa wamekubaliana kwamba haliguswi. Zilizobaki ni 12. Kumbe hata bila gari, jiko lilikuwa limepungukiwa zaidi ya milioni moja, na ingebidi muuza nyama na mwenye duka la mchele wakubali kuwadai kidogo. Hivi ndivyo biashara nyingi za chakula zinavyokwama wakati zimepata kazi kubwa: oda zipo, faida kwenye karatasi ipo, ila fedha ya kununulia mchele wa kesho imegeuka kuwa gari.

Basi wakope? Walipiga hiyo pia. Watoe milioni nane zao, wakope 12 kwa miezi 24, rejesho likiwa kama 640,000 kwa mwezi. Riba yote ingefika milioni 3.36, sawa na 140,000 kwa mwezi, na kiwango chao cha siku 15 kingepanda hadi 18. Bado walikuwa juu yake. Ila ukitoa milioni nane na ada, jikoni zinabaki milioni nne. Na kama mkataba ungevunjwa, kila mwezi wangetakiwa kutafuta rejesho, mshahara wa dereva na bima: 1,050,000, gari litoke lisitoke.

Njia waliyochagua ni ya kati, kukodi gari kwa mwezi bila dereva. Mwenye gari alitaka milioni moja kwa mwezi, bima na sevisi zikiwa juu yake, mafuta na dereva juu yao. Jumla ilifika karibu 1,750,000, juu kidogo ya kirikuu ya kila siku. Ukilinganisha na gari la kununua lenye gharama ya 1,137,000 kwa siku zilezile 28, walikuwa wanalipa zaidi ya laki sita kwa mwezi. Hiyo ndiyo bei ya kusubiri, na ni bei kubwa. Lakini walipata gari lisilobeba saruji asubuhi, linalolala kwao, na ambalo wangeweza kulirudisha kwa taarifa ya mwezi mmoja kama ofisi ingewageuka.

Usafi na muda si mambo madogo kwenye kazi hii. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili, na kinachosubiri kuliwa kiwe na joto zaidi ya nyuzi 60. Foleni ya Ubungo inaweza kumaliza muda huo kama hotipoti hazifungi vizuri. Gari linalochelewa saa moja na nusu halileti hasara ya nauli tu.

Mkataba unaosomwa kabla ya ufunguo

Aliyekodi gari kwa mwezi akidhani amekodi gari tu, mara nyingi hugundua makosa siku linapoharibika. Wao walisisitiza iandikwe kwamba likikaa gereji zaidi ya siku moja, mwenye gari analeta lingine au siku hizo zinakatwa kwenye kodi. Waliliangalia pia kikomo cha kilomita. Wengine huweka, na kilomita za ziada hulipiwa. Kisha wakapiga picha kila mkwaruzo mbele ya mwenye gari, ili amana yao isije kuliwa na bonde la zamani.

Kadi ya gari nayo waliiomba. Jina lililopo likiwa si la anayekodisha, uliza kwa nini. Inawezekana gari limewekwa dhamana ya mkopo, na mkopeshaji akija kulichukua hatakuuliza kama una sherehe ya watu 400 jioni. Na bima isomwe: bima ndogo inalipa madhara ya mtu mwingine uliyemgonga, haitengenezi gari lenyewe. Hata bima kubwa inaweza kuleta mgogoro wakati wa kudai fidia ikiwa ilikatwa kwa matumizi binafsi wakati gari linabeba mzigo wa biashara.

Walipewa pia ofa ya karadha, ambayo Tanzania ina sheria yake tangu mwaka 2008. Hapo kampuni inanunua gari, wewe unalipa kidogo kidogo, na mwisho wa mkataba linaweza kuwa lako. Wanaoendesha bajaji za mkataba wanaijua sura yake. Inafaa kwa mwenye mapato yasiyoyumba, kwa sababu hadi malipo ya mwisho mali ni ya kampuni, na ukikwama mwezi wa 20 unaweza kupoteza gari pamoja na mengi uliyokwisha kulipa. Kwa mkataba wa taarifa ya siku 30, waliiacha.

Miezi sita ya kukodi iliwafundisha jambo ambalo yadi wasingeambiwa. Siku moja walipanga vyombo vyote vya mchana sakafuni na kuchora mstari wa chaki kuvizunguka. Chakula cha watu 100, maji, hotipoti na sahani vilikaa kwenye eneo dogo kuliko walivyodhani. Gari kubwa lilihitajika mwisho wa wiki tu, sahani za udongo na meza zinapokwenda ukumbini. Kwa siku sita hizo, kukodi kirikuu kungebaki kuwa nafuu, na gari la kila siku lingeweza kuwa dogo zaidi.

Ofisi ilipoongeza mkataba, safari hii kwa mwaka mzima na taarifa ya siku 90, mama alikuwa na hoja ya kwanza mezani: walipwe kila baada ya wiki mbili. Walikubaliwa. Fedha iliyokuwa imefungwa kwa miezi miwili jikoni ikapungua hadi ya mwezi mmoja, milioni 6.6 tu. Hapo ndipo walipoanza kutafuta gari la milioni 14, kwa fedha yao bila mkopo, na fundi wao akaenda nao yadi alfajiri ili aiwashe injini ikiwa bado ya baridi.