Kwa nini picha ya akili mnemba hubadilisha idadi ya madirisha ya jengo lako

Tuchukue jengo la makazi lenye sakafu nne, na kila sakafu ina madirisha sita upande wa barabarani. Jumla ni 24. Msanifu anataka picha ya kumwonyesha mteja jengo likiwa limekamilika, lenye rangi, vioo, miti na mwanga wa jioni, kwa hiyo anaitumia akili mnemba. Picha ya kwanza inatoka na madirisha saba sakafu ya juu. Ya pili ina matano, na moja limegeuka mlango wa roshani. Maelezo aliyoandika yanasema wazi "madirisha sita", lakini hayasaidii.

Programu kama Stable Diffusion haihesabu wala haijengi. Huanza na chengachenga, kama za televisheni iliyopoteza mawimbi, kisha huzisafisha hatua kwa hatua, mara nyingi 20 hadi 30, hadi picha ijitokeze. Katika picha nyingi ilizofunzwa nazo, imejua kwamba ukuta wa ghorofa huwa na safu za madirisha yanayofanana. Hakuna mahali inapotunza namba sita. Kwake, safu ya madirisha saba inafanana na ukuta wa kweli sawasawa na safu ya sita.

Ukubwa nao unachangia. Picha hutengenezwa kwanza katika umbo lililobanwa, ambamo eneo la pikseli 8 kwa 8 huwa chumba kimoja. Jengo letu lina upana wa mita 24, na dirisha ni mita 1.2. Likichukua nusu ya picha yenye upana wa pikseli 512, dirisha linapata pikseli 13 hivi, yaani vyumba visivyotimia viwili. Hapo mipaka kati ya dirisha na dirisha ni ya kukisia. Katika picha ya pikseli 1024 ambayo jengo limejaza pikseli 800, dirisha lilelile linapata pikseli 40, sawa na vyumba vitano. Basi sogeza kamera karibu na uongeze ukubwa wa picha kabla ya kugusa kitu kingine.

Wengi hukimbilia kuganda namba ya Seed. Namba hiyo hurudisha chengachenga zilezile tu. Ukibadilisha maelezo au ukubwa wa picha, madirisha yanahama tena.

Kinachoyashika kweli ni mistari ya mchoro wenyewe. Mwaka 2023 ilitoka ControlNet, nyongeza inayoilazimisha programu kufuata mchoro katika kila hatua ya usafishaji. Toa kwenye programu yako ya usanifu mchoro wa mistari mitupu, bila vivuli wala mng'aro wa vioo, kwa sababu ukingo wa kivuli unaweza kusomwa kama fremu na kuzaa dirisha jipya. ControlNet inataka mistari myeupe juu ya weusi. Kama mchoro wako una mistari myeusi juu ya weupe, chagua invert.

Kwa kuta zilizonyooka, tumia modeli ya MLSD, inayoshika mistari iliyonyooka. Kwa madirisha ya tao, kama yale ya majumba ya zamani ya pwani, MLSD itapoteza mviringo, hivyo tumia Lineart. Weka Control Weight kwenye 1, Starting Control Step kwenye 0 na Ending Control Step kwenye 1. Mpangilio wa jengo huamuliwa katika hatua za mwanzo, na mstari ukiachiwa mapema, hatua za mwisho zinaweza kuongeza vipande au kugawa kioo.

Ukianzia na picha iliyokwisha kuwa na rangi, angalia pia Denoising strength. Kwenye 0.3 hadi 0.4 umbo kwa kawaida hubaki, ukivuka 0.6, programu inachora upya sehemu kubwa. Hata jengo likitoka sawa, kulikuza kwa thamani ya juu kunaweza kurudisha madirisha ya ziada, kwa hiyo wakati wa kukuza baki karibu na 0.2.

Baada ya hapo usiamini jicho. Weka mchoro wako juu ya picha katika programu ya kuhariri, upunguze uzito wake, na upite sakafu moja baada ya nyingine. Fremu iliyosogea itaonekana kama mistari miwili. Likikosewa dirisha moja, lifunike kwa maski na urudie eneo hilo tu, mchoro ukiwa bado umeunganishwa.

Vigawanyo vyembamba vya kioo bado vitakusumbua. Fremu ya sentimita 5, katika jengo letu la pikseli 800, haifiki hata pikseli mbili, na hakuna mpangilio utakaoiokoa. Kwa picha inayokwenda kwa mteja, toa madirisha kutoka kwenye modeli yako ya jengo, yabandike juu ya picha, na uiachie akili mnemba ukuta, anga na miti.