Vichwa vya hadaa mtandaoni: Mteja huja mara moja, harudi tena

Familia nyingi siku hizi huuza bidhaa zao mtandaoni: kanzu, mabuibui, udi, tende na vitafunio. Kijana wa nyumba hufungua tovuti, akaandika maelezo, kisha akangojea wateja waletwe na Google. Wakichelewa, hutokea mshauri akamwambia: rudia jina la bidhaa mara nyingi uwezavyo, na kichwa cha habari kiwe cha kushtua. Ushauri huo tunaupima hapa, kwani umekwisha kuwaponza hata wakubwa.

Mwezi Februari mwaka 2006, Google iliiondoa katika matokeo yake tovuti ya Ujerumani ya kampuni ya magari ya BMW. Kosa lake lilikuwa kutengeneza kurasa zilizokusudiwa kusomwa na mtambo wa Google peke yake. Kurasa hizo zilijazwa maneno yanayotafutwa sana, likiwemo lile la Kijerumani lenye maana ya gari lililotumika. Binadamu aliyebofya hakuyaona maneno hayo. Alihamishwa papo hapo hadi ukurasa mwingine wenye picha nyingi na maneno machache. Kampuni ilikiri kutumia kurasa hizo, ila ikakana kuwa ilikusudia kuhadaa. Ilipoziondoa, ilirejeshwa baada ya siku chache. Kampuni yenye jina kama hilo huweza kurudi upesi. Duka dogo huenda likakosa msimu mzima wa Idi.

Adhabu yenyewe ni ya namna mbili. Ya kwanza hutolewa na mtambo wenyewe: ukurasa hushushwa chini bila taarifa yoyote. Ya pili hutolewa na wafanyakazi wa Google baada ya kuukagua, na mwenye tovuti huikuta katika huduma ya bure iitwayo Search Console, sehemu ya Manual actions. Huko huelezwa kosa, naye akishasahihisha huomba akaguliwe upya.

Tuchukue mfano wa duka la kanzu. Mwenye duka ameandika: “Kanzu za Idi bei nafuu, nunua kanzu za Idi bei nafuu kwa muuzaji wa kanzu za Idi bei nafuu.” Sentensi hiyo isomwe kwa sauti mbele ya jamaa, anayesikiliza atatambua mara moja kuwa hakuna mtu anenaye hivyo. Sasa ilinganishwe na hii: “Tunashona kanzu za Idi za wanaume na watoto. Kitambaa ni pamba, ya mtoto ni shilingi 25,000, na mshono huchukua siku 4.” Maneno ya kutafutia yamo mara moja tu, na mteja ameshapata majibu ya maswali yake.

Kisha duka lile likaweka kichwa: “Kanzu za bure kwa kila familia!” Ndani, msomaji akakuta kuwa ya bure ni moja, tena kwa aliyenunua kumi. Tuseme watu 1,000 walifungua ukurasa, na 900 wakaondoka bila kufungua ukurasa wa pili. Asilimia 90 wameondoka papo hapo. Mwenye duka atafurahia ile 1,000, ilhali waliobaki ni 100 tu.

Hata hivyo, hesabu hiyo isisomwe peke yake. Aliyetafuta namba ya simu ya duka akaipata, naye huondoka baada ya ukurasa mmoja, tena ameridhika. Dalili ya hadaa ni watu wengi kubofya, kisha kuondoka baada ya sekunde chache. Kwa sababu hiyo, mwaka 2014 Facebook ilitangaza kuwa itaangalia muda ambao mtu hukaa kusoma baada ya kubofya. Akirudi upesi, huhesabiwa kuwa hakukipata alichoahidiwa. Katika uchunguzi wake wa awali, asilimia 80 ya majibu yalipendelea vichwa vinavyomsaidia msomaji kuamua kabla ya kubofya.

Hasara iliyobaki haina huduma ya kuikagua wala kitufe cha kuomba radhi. Wale 900 wamelijua jina la duka. Siku litakapotangaza punguzo la kweli, wataliona na kulipita, kama mnunuzi anavyolipita gunia ambalo juu lina mchele mkavu na chini umelowa. Basi kabla ya kuchapisha ukurasa, kichwa kisomwe pamoja na aya ya kwanza. Kilichoahidiwa juu kisipoonekana katika aya hiyo, kinachopasa kubadilishwa ni kichwa.