Njia Inapogawanyika: Kumtafuta Babu wa Karibu Mtini

Katika mti wa utafutaji, kila nodi hubeba namba moja: namba ndogo kuliko yake hukaa kushoto, kubwa hukaa kulia. Mpangilio huo unatosha kumpata babu wa karibu zaidi wa namba mbili bila kupekua mti mzima.

Tuseme mzizi ni 50, kushoto kwake 30, kulia 70. Chini ya 30 wapo 20 na 40. Chini ya 40 wapo 35 na 45. Babu wa 35 na 45 ni nani? Zote mbili ni ndogo kuliko 50, kwa hiyo programu hushuka kushoto. Zote ni kubwa kuliko 30, hushuka kulia. Ikifika 40, moja iko kushoto na nyingine kulia. Hapo ndipo jibu.

Kama zinazotafutwa ni 40 na 45, jibu bado ni 40, kwani nodi huhesabiwa kuwa babu wa nafsi yake.

Kuna mtego mmoja. Ukiuliza 37 na 45, programu itajibu 40 vilevile, ingawa 37 haimo mtini. Kwa hiyo kwanza hakikisha namba zote mbili zimo.